"Dada, tunaomba notsi": uandike vidokezo, maswali au neno kwa neno?

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Banda, Kampala, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wote ni faili la sauti lenye maneno matatu chini yake: "Dada, tunaomba notsi." Halafu kimya. Hasemi mtihani ni lini, wala notsi za namna gani. Nilipoanza kazi hii nilikuwa navaa spika za masikioni na kuanza kuchapa hapo hapo. Mara moja niliandika neno kwa neno mhadhara mzima wa dakika 58, nikakabidhi kurasa 14 nikijiona nimefanya jambo kubwa. Wiki iliyofuata nikazikuta kurasa zile zile kwa muuza chapati jirani, zinafungia rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai.

Siku hizi nafanya hivi. Nitatumia mhadhara mmoja kama mfano mwanzo hadi mwisho, ili uone kazi yenyewe. Unahusu historia ya Kiswahili nchini Uganda, ulitolewa kwa Kiswahili, na rekodi yake ina dakika 58.

Kwanza uliza, usichape

Maswali yangu ni matatu, nayatuma kwa ujumbe mmoja. Notsi ni za nini: mtihani, kozi woki, au ulikosa kipindi tu? Zinahitajika lini? Na una nini tayari: slaidi, daftari la mwenzako, kitini cha mhadhiri?

Jibu la swali la tatu ndilo linalobadilisha kazi kuliko yote. Mwenye slaidi tayari ana vichwa vya mada. Ukimtengenezea vidokezo unamuuzia kitu alichonacho. Anachokosa ni maelezo ambayo mhadhiri aliyatoa kwa mdomo, au njia ya kujua kama ameelewa.

Swali la nne nauliza kwa sauti ya chini: mhadhiri anajua kwamba alirekodiwa? Wengi wao hawana shida mwanafunzi akijirekodia kusoma. Shida huanza sauti ikisambaa kwa watu wasiojulikana. Kama hakuomba ruhusa, namwambia akaombe kwanza.

Kwa mhadhara wetu majibu yalikuja hivi: mtihani uko baada ya siku tisa, maswali ni ya insha, slaidi hakuna, daftari ni la mtu aliyeingia darasani amechelewa nusu saa.

Sikiliza sehemu tatu kabla ya kuamua

Sisikilizi yote. Nasikiliza dakika kumi za mwanzo, dakika tano za katikati na tano za mwisho. Mwanzoni mhadhiri mzuri hutaja atapita wapi, na mwishoni huteleza akasema kitu kuhusu mtihani. Za katikati ni za kupima sauti: simu ilikuwa mbele au kwenye benchi la nyuma, feni inavuma, mvua imepiga bati.

Katika zile za katikati nachukua dakika moja tu na kuhesabu maneno. Huyu alisema maneno 104 kwa dakika. Zidisha kwa 58, unapata maneno elfu sita na kidogo, na kwa ukurasa wangu wa maneno kama 430 hizo ni kurasa 14. Kuchapa neno kwa neno, kwa mkono uliozoea na sauti safi, dakika moja ya mazungumzo inanichukua dakika nne hadi sita. Kwa hiyo mhadhara huu ni saa nne hadi sita za kukaa kitini. Mwambie mteja hesabu hiyo mapema. Wengi waliosema "andika kila kitu" hubadili nia wakisikia kurasa 14, na si kwa sababu ya pesa tu. Wanajiuliza watazisoma saa ngapi.

Ona kipande kimoja kwa namna tatu

Watu hudhani vidokezo ni notsi fupi na neno kwa neno ni notsi ndefu, kana kwamba ni shati moja lenye saizi tofauti. Sivyo. Kila namna inapoteza kitu chake. Hiki hapa kipande cha dakika ya 31, jinsi kilivyotoka mdomoni:

"Sasa sikilizeni hapa. Mwaka elfu mbili na tano Katiba ilirekebishwa, Ibara ya sita. Kiingereza kikabaki lugha rasmi. Kiswahili kikawa, eeh, lugha rasmi ya pili. Lakini msiniandikie kwamba kilianza kutumika maofisini mwaka huo! Ibara inasema kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kwa hiyo mlango upo, ufunguo kashika nani? Bunge. Haya. Ndipo elfu mbili ishirini na mbili, mwezi wa saba, mnasikia tena Baraza la Mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Jiulizeni, kama kilikuwa rasmi tayari, walikuwa wanapitisha nini?"

Ukikiandika neno kwa neno, unabaki na kila kitu: onyo, swali la mwisho, hata ile hasira ya "msiniandikie". Unachopoteza ni umbo. Msomaji hajui kama hili ni jambo kubwa au mchepuko, mpaka asome ukurasa wa kabla na wa baada.

Kwa vidokezo kinakuwa hivi:

5. Kiswahili katika Katiba [31:10]
– 2005, Ibara ya 6: Kiingereza lugha rasmi, Kiswahili lugha rasmi ya pili
– SHARTI: kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria
– Kwa hiyo hadhi ya 2005 peke yake haikukiingiza maofisini
– Julai 2022: Baraza la Mawaziri lapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi (swali la mhadhiri: kwa nini tena?)

Umbo limepatikana, na mtu anakisoma kwa nusu dakika. Lakini angalia jinsi kilivyo rahisi kukiharibu. Mwandishi mwenye haraka angeweka mstari mmoja, "2005: Kiswahili lugha rasmi ya pili", aendelee na safari. Mstari huo si uongo. Ila mwanafunzi akiubeba kwenye chumba cha mtihani ataandika sentensi ile ile ambayo mhadhiri aliikataza.

Kwa maswali ya kujipima, swali baya ni hili: "Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka gani?" Linajibiwa kwa tarakimu nne na halimwambii mtu kama ameelewa. Zuri ni hili: "Mtu anadai kwamba tangu 2005 kila ofisi ya serikali ya Uganda ilipaswa kutumia Kiswahili. Mjibu kwa kutaja sharti la Ibara ya 6, kisha ueleze kwa nini Baraza la Mawaziri lilirudi kwenye jambo hilo mwaka 2022." Jibu nalo linahitaji kukaa ukurasa mwingine, likiwa na dakika yake ya rekodi pembeni. Maswali yanapoteza kila kitu ambacho hakikuulizwa. Asiyeusikia mhadhara hawezi kujifunza kwa maswali peke yake. Atabaki anakisia.

Sasa amua

Mimi hutazama kazi ambayo notsi zitafanya, kisha siku zilizobaki.

Aliyekosa kipindi na hana chochote anahitaji vidokezo kwanza, hata kama anataka maswali. Anayeandika kozi woki na anataka kumnukuu mhadhiri, au anayesoma somo ambalo fasili na vifungu hutakiwa kama vilivyo, anahitaji neno kwa neno, lakini kwa vipande hivyo tu. Aliyekuwepo darasani, ana daftari zuri, na mtihani uko wiki ijayo, huyo nampa maswali hata akinung'unika.

Sababu ya kumnyima anachotaka ninayo. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunika kifungu na kuandika kila lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojikumbusha wakiwa wamefunika ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo mtu anayeniambia "mtihani ni kesho saa tatu asubuhi" simletei maswali arobaini. Vidokezo vinamtosha, avisome usiku huo na alale. Mwenye siku tisa, kama huyu wetu, akikaa kusoma tu notsi zile zile anajidanganya kwamba anajua, maana macho yanazizoea.

Uamuzi wangu kwa mhadhara huu ulikuwa: vidokezo vya dakika zote 58, vipande vitatu vya neno kwa neno ndani yake, na maswali kumi na mawili mwishoni. Kurasa tano jumla.

Kuandika vidokezo bila kuvunja mantiki

Pitia rekodi mara ya kwanza bila kusimama, ukiandika saa na kichwa tu pale mhadhiri anapogeuza mada. Anageuza kwa maneno unayoyajua: "sasa", "tukija kwenye", "jambo la pili", au anafuta ubao na unasikia. Katika mhadhara wetu nilipata migeuko sita: mjadala wa wakati wa ukoloni, usanifishaji, kamati na makao yake, enzi ya Amin, Katiba, na shule za leo. Hivyo ndivyo vichwa vyako. Usivitunge wewe.

Mara ya pili ndipo unajaza. Kwenye kompyuta mimi hutumia VLC. Kwenye Windows, `Shift` na mshale wa kushoto vinarudisha sauti nyuma sekunde tatu, na kwa kazi hii ni ufunguo wenye thamani kuliko vyote. Kwenye simu, punguza kasi ya kucheza badala ya kurudisha kwa kidole. Ukitumia kidole utaruka dakika nzima na kurudi ukiwa umenuna.

Kosa linaloumiza zaidi kwenye vidokezo ni kuandika jina na mwaka bila kitenzi. Nilijifunza kwa aibu. Katika sehemu ya kamati mhadhiri alieleza kwamba Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na kwamba makao yake yalihamahama, yakawa Makerere kuanzia 1952 hadi 1962, kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye kurudi Dar es Salaam. Katika notsi zangu za kwanza niliandika "Makerere 1952–62". Mimi nilijua maana yake kwa sababu nilikuwa nimetoka kusikiliza. Mwanafunzi mmoja akaandika kwenye insha kwamba Kiswahili kilifundishwa Makerere kwa miaka kumi, kisha kikafutwa. Akaja kibandani na karatasi yenye wino mwekundu, hakusema neno, akanionyesha tu. Sasa naandika "Makao ya Kamati yahamia Makerere 1952, yaondoka 1962". Maneno yameongezeka matano, na hayamdanganyi mtu.

Kosa la pili ni kufuta maneno ya tahadhari. Mhadhiri akisema "labda", "inasemekana", "baadhi ya wataalamu wanashikilia", hayo si mate ya mdomoni kama "eeh". Ni sehemu ya hoja. Ukiyafuta, maoni yanageuka kuwa ukweli. Vivyo hivyo na nani alisema. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakipinga kwa maandishi. Ukiandika "Kiswahili kilipendekezwa na kupingwa" umeondoa watu wawili ambao ndio mjadala wenyewe.

Vipande vya neno kwa neno

Chagua vichache: fasili, kifungu cha sheria kilichosomwa, na sentensi ambayo mhadhiri aliirudia mara mbili au kuonya juu yake. Kwa mhadhara wetu, dakika ya 31 ilikuwa lazima.

Ondoa vigugumizi na sentensi zilizokatika zikaanza upya, lakini usimsahihishie mhadhiri sarufi wala usimbadilishie neno kwa sababu unadhani lako ni zuri. Pasiposikika usikisie. Andika [haisikiki 42:15] na uendelee. Ukiwa na shaka weka neno lako na alama ya kuuliza ndani ya mabano hayo hayo, mwenzako aliyekuwa darasani atalimaliza kwa sekunde.

Miaka ndiyo hatari kubwa. Hapa kwetu mhadhiri anaweza kuanza sentensi kwa Kiswahili na kutaja mwaka kwa Kiingereza, na kwenye sauti mbovu "thati" na "thatini" ni mapacha: 1930 inakuwa 1913. Hata kwa Kiswahili, "thelathini" na "themanini" zikipigwa na feni hazitofautiki. Kipimo changu ni kupanga miaka yote ya mhadhara kwenye karatasi kwa mfuatano. Kamati ya nchi nne ikitokea 1913, kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, basi umesikia vibaya, rudi nyuma.

Na kifungu cha sheria usikiamini kwa sikio. Mhadhiri hukitafsiri papo hapo. Fungua Katiba yenyewe, linganisha, na uandike wazi kwamba hayo ni maneno ya mhadhiri au ni maneno ya Katiba. Usichanganye viwili hivyo ndani ya alama moja ya nukuu.

Maswali, na jinsi ya kuyapima

Nayatunga baada ya kulala, siku ya pili, nikiwa na vidokezo tu mbele yangu. Nikishindwa kujibu swali langu kwa kutumia vidokezo vyangu, ama swali limetoka nje ya mhadhara, ama vidokezo vina tundu. Mara nyingi ni tundu. Kwa mhadhara huu swali "Kwa nini tangazo la mwaka 1973 la kufanya Kiswahili lugha ya taifa halikukieneza shuleni?" lilinigundulia kwamba nilikuwa nimeandika mwaka na jina la Amin, nikaacha dakika tatu nzima ambazo mhadhiri alieleza jinsi raia wengi walivyoihusisha lugha hiyo na askari. Mimi nimekulia Bombo, mji wa kambi, Kiswahili nilikisikia kwa wanajeshi kabla ya kukisoma kokote. Nadhani ndiyo maana sikukiandika: nilikiona kama kitu kinachojulikana na kila mtu.

Maswali kumi na mawili yanatosha kwa saa moja. Mawili matatu yaulize nini, yaliyobaki yaulize kwa nini, linganisha, mjibu anayedai. Mwambie mwanafunzi ayajibu kwa kalamu, majibu yakiwa yamefunikwa, siku ya kwanza, ya nne na ya nane. Akiyasoma pamoja na majibu yake kama hadithi, yamegeuka kuwa notsi za kawaida.

Kukabidhi

Tuma mafaili mawili, moja la vidokezo na lingine la maswali, ili majibu yasionekane kwa bahati mbaya. Jina la faili liseme kilichomo, kwa mfano `Kiswahili_UG_mhadhara5_vidokezo.docx`. "Notsi mpya 2" litapotea kwenye simu kabla ya jioni. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe ya mhadhara, urefu wa rekodi, na sehemu zisizosikika. Huyu wetu alikuwa na tatu, zote baada ya dakika ya 40, mvua ilipoanza. Nilimtumia namba za dakika hizo, akazipeleka kwa wenzake wa benchi la mbele, na kufikia saa mbili usiku mbili zilikuwa zimejazwa. Ya tatu bado ina mabano.